Eksitensheni Yenye Uzoefu

Mtaani kwetu naitwa Mama Kaanga, na sijawahi kuuza hata kipande kimoja cha kiazi. Nachaji simu na kutengeneza zile zilizoanguka chooni, ambazo wenyewe husema "imeingia maji kidogo tu." Jina nilipewa msimu wa mvua uliopita, siku moja, saa tisa alasiri, na aliyenipa ni kinyozi wa kibanda cha pili, mtu ambaye mdomo wake hufanya kazi hata umeme ukikatika.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Simu za watu zilikuwa zimelala kwenye rafu yangu, kila moja imechomekwa kwenye chaja yake, chaja zote zimejipanga kwenye eksitensheni ya kawaida, ile ya plastiki nyeupe inayouzwa pamoja na beseni na vibanio vya nguo. Niliziacha zimechomekwa ili umeme ukirudi zianze kula mara moja. Basi umeme ukarudi. Haukurudi kama mgeni anayebisha hodi. Ulirudi kama anayefukuzwa na mbwa. Taa ya dari iliwaka nyeupe kuliko kawaida, ikapasuka, na rafuni kukasikika sauti kama ya mahindi yanayochomwa. Chaja kumi na moja zilikufa palepale. Simu nne zikazifuata.

Kinyozi alichungulia, akavuta pua, akasema, "Shemeji, leo umekaanga nini?"

Basi. Jina likaganda.

Ningecheka na mimi kama moja ya zile simu nne isingekuwa ya mkunga wa zahanati. Ndani yake mlikuwa na namba za wajawazito wote wa eneo letu, nani yuko mwezi wa ngapi, nani alijifungua kwa shida mara ya kwanza. Mkunga hakunifokea. Aliichukua simu yake, akaigeuza mkononi kama mtu anayepima kitu kisicho na mapigo, akasema, "Haya," akaondoka. Ningeweza kuvumilia matusi. Ile "haya" ilinikalia kifuani miezi.

Nikasema mbele ya watu, kwa sauti, kwa sababu mimi nikiumia huwa naropoka: nikiunguza kitu kingine cha mteja, nafunga kibanda na sitakifungua tena. Kinyozi alikuwa shahidi, kwa hiyo kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa shahidi.

Nikaita fundi umeme, mzee mmoja mkimya anayetembea na kalamu sikioni. Alitazama soketi yangu, akatikisa kichwa, akaenda nje na nyundo. Alipiga fimbo ya shaba ndani ya ardhi nyuma ya kibanda mpaka ikabaki ncha tu, akavuta waya kutoka kwenye ile fimbo hadi kwenye soketi mbili mpya ukutani. Kwenye soketi ya kwanza alichomeka kidude kama kisanduku, ile gadi ambayo watu wameizoea kwenye friji. Kwenye gadi akachomeka eksitensheni mpya yenye kinga, yenye taa mbili ndogo: nyekundu na kijani. Soketi ya pili akaiacha wazi, kwa ajili ya feni na pasi yangu ya kulehemu.

"Sikiliza," aliniambia, na nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyosema mwaka ule. "Gadi inapima. Umeme ukizidi au ukipungua sana, inakata. Umeme ukirudi, inasubiri dakika tatu kwanza, ili ule mrejeo wa fujo upite. Eksitensheni kazi yake nyingine. Ndani yake mna vidude vidogo vya duara, kama vifungo vya shati. Ukija mshtuko wa ghafla, wa nukta moja tu, vinaumeza na kuusukuma kwenye eathi, yaani ile fimbo ya ardhini. Lakini vinachakaa. Kila mshtuko unavila kidogo. Siku vikifa, taa ya kijani itazimika."

"Na eksitensheni itaacha kupeleka umeme?"

"Hii, hapana. Itaendelea kuchaji kama kawaida. Nyekundu itawaka. Ila kinga haimo tena. Ukiona kijani imezima, itupe."

"Na radi je?"

Alichomoa kalamu sikioni, akaielekeza kwenye plagi. "Radi ikiwa karibu, usimtegemee mtu. Chomoa."

Katika hayo yote, mama mkwe wangu alikuwa ameketi pale kwenye kiti chake, bati lake la vifungo mapajani. Lazima nimweleze. Mama mkwe alikuwa mshonaji miaka arobaini, na tangu macho yamchoke huja kibandani kunisaidia, yaani kunikosoa. Hatupi kitu. Zipu iliyokufa anaitoa meno na kuyatunza. Uzi wa shubiri moja anauzungusha kwenye kijiti. Mume wangu, ambaye yuko kazini mbali na hurudi kila mwisho wa mwezi, aliniambia kabla ya ndoa, "Mama hatakusumbua, ila usitupe kitu mbele yake." Nilidhani ni utani. Siku ya kwanza nilitupa soksi yenye tundu, na jioni niliikuta mezani, imeshonwa, imekunjwa, inanitazama.

Kwa hiyo aliposikia "vifungo" alinyanyua kichwa. Aliposikia "itupe" alikunja uso.

Miezi ikapita. Wateja walirudi mmoja mmoja, wengine kwa sababu waliniamini, wengi kwa sababu hapakuwa na kwingine. Waliichukia gadi. Umeme ukirudi, mtaa mzima unapiga kelele ya furaha, redio zinaamka, na rafu yangu bado giza.

"Mama Kaanga, washa bwana!"

"Dakika tatu."

"Wenzako wote wameshaanza kuchaji!"

"Wenzangu wakimbie. Mimi dakika tatu."

"Hiyo gadi yako inasali kwanza au vipi?" Huyo kinyozi, bila shaka, mashine yake ikinguruma juu ya kichwa cha mteja, imechomekwa moja kwa moja ukutani.

"Inawaombea nyie," nikamjibu.

Mkunga peke yake hakurudi. Nilikuwa namwona akipita na mkoba wake wa bluu, ananisalimia vizuri kabisa, anaendelea na safari. Nikawa naangalia huo mkoba kama mtu anayeangalia basi lililomwacha.

Wiki moja kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia, dhoruba ilipita ghafla. Nilikuwa natengeneza kioo cha simu, sikuwahi kuchomoa. Kukatokea mlio wa "tik" kwenye rafu, mwembamba, kama mtu anayevunja ukucha. Simu kumi na nne zilikuwa zinachaji. Nilizishika moja moja. Zote nzima. Zote! Nikaitazama eksitensheni: nyekundu inawaka, kijani imezima.

"Imekufa," nikasema.

"Imekufa wapi, mbona inachaji?" Mama mkwe alisogea. "Taa nyekundu si ile?"

"Mama, kinga yake ndiyo imekufa. Imekula mshtuko wetu wote. Imeshamaliza kazi."

"Aa. Kwa hiyo ikifanya kazi vizuri, malipo yake ni pipani?"

"Ndivyo fundi alivyosema."

"Fundi anajua kutupa. Mimi hao mafundi wa kutupa nimewaona wengi."

Nikainunua nyingine, ileile, rangi ileile, hata msumari wa kuitundikia ukawa uleule. Ya zamani nikaiweka kwenye ndoo ya taka. Kesho yake ndoo ilikuwa tupu, nikadhani wazoa taka wamepita. Mimi naye! Miaka kumi na miwili ndani ya ukoo ule, bado nilikuwa nadhani kitu kikiingia kwenye ndoo kinaondoka.

Sasa, siku yenyewe. Saa sita mchana nilikuwa natoka kwenda kwa muuza vipuri, mitaa mitatu kutoka kwetu, kuchukua kioo. Anga upande mmoja jua, upande mwingine kama sufuria lililoungua chini. Rafu ilikuwa imejaa, soketi zote za eksitensheni mpya zimekaliwa. Nikamwambia mama mkwe asipokee simu nyingine mpaka nirudi.

"Na akija mtu mwenye haraka?"

"Asubiri."

"Na akija mtu mkubwa?"

"Mama, umeme haujui ukubwa. Asubiri."

Nikaondoka. Na nyuma yangu, kama dakika kumi hivi, akaja mkunga.

Haya niliyapata baadaye kwa vipande, vingine kwa mama mkwe na vingine kwa kinyozi, ambaye ukuta wa mbao kati yetu haumzuii kusikia chochote. Zahanati haikuwa na umeme tangu jana. Laini yao ilikuwa imeangushwa na mti. Simu ya mkunga, mpya aliyonunua baada ya ile niliyoiunguza, ilikuwa imezima kabisa. Jioni anaingia zamu, na kuna mama mmoja wa mapacha ambaye wakati wowote angepiga. Alisimama mlangoni, akaiangalia rafu, akamwangalia mama mkwe, akatoa simu na chaja yake, akasema, "Mwambie mkwe wako namwachia. Nitarudi saa kumi."

Mama mkwe aliniambia kwamba alipoipokea ile simu alihisi kama amekabidhiwa mtoto mchanga. Alijua nimeisubiri. Hakuweza kumwambia mkunga asubiri.

Niliporudi mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa ya mbalimbali, na umeme ulikuwa umekatika. "Umekatika lini?" nikauliza huku nakung'uta viatu.

"Sasa hivi tu. Robo saa."

Radi ikapiga upande wa soko. Nikahesabu kama nilivyozoea: moja, mbili, tatu... sikufika tano. Karibu. Nikaenda moja kwa moja kwenye gadi, nikaing'oa ukutani pamoja na mzigo wake wote. Rafu nzima ikawa salama kwa mkupuo mmoja.

"Ndiyo zote?" nikauliza.

"Zote hizo hapo," akasema mama mkwe, na nikaona anatabasamu, tabasamu la mtu aliyeficha zawadi. Nilitaka kumuuliza kuna nini, lakini kinyozi akapiga kelele kutoka kwake.

"Mama Kaanga! Umeshachomoa tena?"

"Nimeshachomoa. Na wewe chomoa, shemeji. Radi iko mlangoni."

"Mashine yangu haina kifua kibaya kama simu zako!"

"Haya. Nikisikia harufu nitakuletea chumvi."

Tulikaa. Mvua ilipiga bati mpaka ikawa tunazungumza kwa mikono. Kisha ikapungua kidogo, na umeme ukarudi.

Nilijua kabla ya kuona. Mwanga wa kwa kinyozi ulipenya kwenye nyufa za mbao, mweupe, mkali, mweupe mno. Kisha "pa!" na giza, na sauti ya kinyozi, ambayo kwa mara ya kwanza tangu nimjue haikuwa na mzaha: "Mashine yangu! Mamaa, mashine yangu inatoa moshi!"

Nikafungua mdomo kumjibu kitu kikali, na hapo nikaipata. Harufu. Plastiki iliyoungua na kitu kingine kichungu nyuma yake. Haikutoka upande wa kinyozi. Ilitoka kwangu, kwenye kona ya pasi ya kulehemu, chini ya kitambaa cha maua ambacho mama mkwe huwa anafunikia cherehani yake nyumbani.

"Mama, kile kitambaa kinafunika nini?"

"Usiogope," akasema. "Ya mkunga nimeiweka mahali pazuri kuliko zote. Nimeiweka kwenye ile yenye uzoefu."

"Ipi?"

"Ile yako ya kwanza. Hiyo mpya haijajaribiwa hata mara moja, tutajuaje kama ni hodari? Ile imeokoa simu kumi na nne, nimeiona kwa macho yangu. Nikasema mkunga lazima apewe mwenye uzoefu."

Nilikuwa nimeshafika. Nikavuta plagi ukutani kwanza, ndipo nikainua kitambaa. Ilikuwa pale, ile niliyoitupa kwa mkono wangu, imepanguswa vumbi mpaka inang'aa, imechomekwa kwenye soketi ya pili ambayo haina gadi. Juu yake chaja moja tu, imevimba ubavuni, moto kuishika. Mwisho wa waya, simu ya mkunga, nyeusi.

Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza na kushikilia. Kimya.

"Imekuwaje?" Mama mkwe alisimama, bati la vifungo likaanguka, vifungo vikatawanyika sakafuni kama mvua imeingia ndani. Hakuinama kuviokota. Hapo ndipo nilipojua ameelewa.

"Lakini taa ilikuwa inawaka," akasema polepole. "Nilipoichomeka, taa iliwaka. Nyekundu."

"Nyekundu inasema umeme umefika, mama. Kijani ndiyo inayosema kuna mlinzi. Ile ilishapigana vita vyake ikaisha. Tumemsimamisha marehemu getini."

Sikutaka kusema kwa ukali, lakini ukali ulikuwemo. Akakaa chini. Akaonekana mdogo kwenye kile kiti. Miaka yote hiyo alikuwa ameokoa vitu kutoka kwangu, na nusu yake, niseme kweli, nilikuja kuvihitaji. Ile soksi naivaa mpaka leo.

Nikachukua pawabenki yangu ya akiba, nikaunga simu ya mkunga kwa waya mwingine, nikaiweka mezani. Kioo kikabaki cheusi. Nikajiambia: ilikuja imezima kabisa, ikachaji dakika chache tu kabla umeme haujakatika. Betri iliyokauka hivyo haiamki palepale, hata nzima. Najua. Nimewaambia wateja mia mara mia. Hata hivyo nikakibonyeza tena kile kitufe.

"Sasa?" akauliza mama mkwe.

"Sasa nafunga kibanda. Niliapa."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia!"

"Kwa muda gani?"

Akanyoosha mkono, akageuza saa yake ya ukutani, ile aliyoiokota bila mshale wa sekunde na bado inatembea.

"Wewe si ndiye huwaambia watu dakika tatu?" akasema. "Na wewe zisubiri."

Nikaketi. Kinyozi akaingia, mashine yake mkononi imefungwa kwenye taulo kama majeruhi. Alitaka kusema kitu, akatuona sura, akavua kofia. Dakika ya kwanza ikapita. Nje watu walikuwa wanapiga kelele kwamba umeme unaongezeka na kupungua, kuna mtu televisheni yake imezima. Dakika ya pili. Kinyozi akanong'ona, "Tunasubiri nini?" na mama mkwe akamwambia, "Nyamaza, tunasubiri," na akanyamaza, jambo ambalo ningeliandika ukutani kama ningekuwa na chaki.

Dakika ya tatu ikaisha. Kioo cheusi.

Nikainuka kuchukua kufuli.

"Kaa," akasema mama mkwe.

"Mama, zimeisha."

"Saa yangu inakimbia kidogo. Kaa."

Nikakaa. Na katikati ya kile kioo, kwa unyonge, kama jicho la mgonjwa anayeamka, kikatokea kipicha cha betri. Kitupu, kina mstari mmoja mwekundu chini. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na niliolewa na mwanaume mzuri.

Mama mkwe alijifunika uso na upindo wa nguo yake. Kinyozi akaanza kupiga makofi, akaacha, hakujua kama inaruhusiwa.

"Chaja ndiyo imekufa," nikasema nikiishika simu kwa mikono miwili. "Imekufa peke yake, haikupitisha kwa simu."

"Basi hakuna atakayejua," akasema kinyozi kwa furaha. "Chaja unayo nyingine kama hii. Badilisha, funga mdomo, saa kumi mpe simu yake."

Nitasema ukweli, nililifikiria. Nililifikiria kwa muda wa kumeza mate. Chaja zinafanana, nyeupe zote, na droo yangu inazo. Lakini niliapa "kitu kingine cha mteja," sikusema "simu." Na mkunga aliniamini kwa mara ya pili baada ya ile "haya" yake, nikimdanganya nitakuwa nimekaanga kitu ambacho hakuna pawabenki ya kukiamsha.

Saa kumi kasoro akaja, miguu imelowa mpaka magotini, mkoba wa bluu kichwani. Simu ilikuwa na asilimia thelathini na inapanda. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akasimama.

"Mwanangu, ni mimi," akamwambia. "Huyu alinikataza. Nikaiweka simu yako kwenye kitu kilichokufa kwa sababu nilikiona kinang'aa. Chaja yako imeungua. Simu ni nzima, lakini ni bahati tu."

"Na mimi niliapa," nikasema. "Kwa hiyo nitakupa chaja mpya, na kibanda..."

"Subiri," mkunga akasema. "Kilichokufa vipi? Mbona hapa mnasema kinang'aa?"

Nikamletea ile eksitensheni. Nikaichomeka sekunde moja kwenye gadi, niliyokwisha kuirudisha ukutani, umeme ukiwa umetulia, ili aone: nyekundu inawaka, kijani hakuna. Nikaichomoa. Nikamweleza kama fundi alivyonieleza, vifungo vya ndani, mshtuko, eathi, yote. Nilidhani ananisikiliza kwa adabu. Kumbe uso wake ulikuwa unabadilika.

"Taa ya kijani ikizima, na bado inapeleka umeme," akarudia.

"Ndiyo."

"Sisi tunayo kama hii. Wodini. Imechomekwa simu ya zamu na zile taa za kuchaji tunazozalishia umeme ukikatika." Akaketi kwenye kiti cha mama mkwe bila kukaribishwa. "Kijani ilizimika tangu mvua za mwaka jana. Tulisema, aa, kibalbu tu kimeungua. Nesi mmoja alikibandika plasta ili kisitukere."

Hakuna aliyecheka, hata kinyozi.

"Laini yenu inarudishwa lini?" nikauliza.

"Walisema kesho asubuhi."

Kesho asubuhi. Laini iliyoangushwa na mti, inarudi na kishindo chake, na taa za kuzalishia zimening'inia kwenye marehemu. Tukatazamana, mimi na yeye, na nikaziona akilini zile taa zimezima mkononi mwake, na mama wa mapacha akisubiri.

"Nenda sasa hivi ukachomoe kila kitu," nikamwambia. "Kila kitu, usiache hata feni. Wakirudisha umeme, msichomeke kwanza. Mimi nitakuja na fundi. Lazima aangalie kama eathi yenu ipo, maana bila eathi hata mpya haina pa kuusukuma huo mshtuko."

"Si umesema unafunga kibanda?"

Kinyozi akainama kutazama viatu vyake. Mkunga akaichukua simu yake, akaigeuza mkononi kama ile siku ya kwanza, ila safari hii ilimulika uso wake kwa chini.

"Wewe funga keshokutwa," akasema. "Kesho nina kazi na wewe." Akafika mlangoni, akageuka. "Na keshokutwa nitakuwa na simu ya kuchaji. Kwa hiyo angalia wewe mwenyewe utafunga lini."

Alipoondoka, mama mkwe aliinama hatimaye kuokota vifungo. Nikamsaidia. Tulipomaliza, akaivuta ile eksitensheni, akahakikisha kwa macho yake kwamba imechomoka, akatoa mkasi wake mkubwa wa kitambaa, ule ambao hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuushika, akakata waya karibu na plagi. Kwa mshonaji, kukata waya kwa mkasi wa kitambaa ni kama mimi kupigia msumari kwa simu ya mteja.

"Sasa hakuna mjinga atakayeiokota," akasema.

"Mama!"

"Ninajisema mwenyewe. Lete bisibisi, nataka kuviona hivyo vifungo."

Tukaifungua. Vilikuwa vitatu, vya duara kweli. Kimoja kilikuwa kimepasuka katikati na kuwa cheusi kama mkaa, kingine kimeungua ukingoni. Alikichukua kile cheusi, akakipuliza, akakiangalia kwa muda mrefu karibu na dirisha.

"Kadogo hivi," akasema, "kakasimama mbele ya simu kumi na nne."

Akakitia kwenye bati la vifungo. Mimi nikarudisha bisibisi drooni. Kuna vita ambavyo hata gadi haiwezi kuvikata.

Kesho yake zahanati tulikwenda watatu: mimi, fundi mwenye kalamu sikioni, na mama mkwe na bati lake. Fundi alikuta waya wa eathi umekatika nje ukutani, akaurudisha. Nilipofunga kinga mpya na kijani ikawaka, nilidhani nitawaeleza manesi. Sikupata nafasi. Mama mkwe alikuwa ameshawakusanya, kifungo cheusi kiko kiganjani mwake, anawaambia, "Hiki mnachokiona kilikuwa hodari. Lakini hodari akishaanguka, mnamzika, hammrudishi kazini. Plasta ile nani aliibandika? Njoo hapa." Mapacha walizaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, wa kike na wa kiume, taa zikiwaka zote, na mkunga alinipigia kunijulisha kwa simu ileile.

Kibanda sikukifunga. Jina pia halijafutika. Kinyozi anasema majina mazuri hayaachwi ovyo. Yeye siku hizi ana gadi yake, na umeme ukirudi, husimama mlangoni mikono kiunoni akiwaambia wateja wake wenye vichwa vilivyonyolewa nusu, "Dakika tatu, jamani, dakika tatu," kama vile yeye ndiye aliyezibuni.

Kitu kimoja tu kinanikera. Zamani mtu akiingia alikuwa ananisalimia kwanza, anauliza watoto, anauliza mume atarudi lini. Sasa wanaingia shingo mbele, wananipita kama mlango, wanachungulia rafuni, wakiiona kijani inawaka ndipo wanaitoa simu mfukoni. Salamu inafuata baadaye, kama ikikumbukwa.

Na mama mkwe, kutoka kwenye kiti chake, huwa ananiambia, "Waache, mwanangu. Angalau wanajua pa kuangalia."